Vepu, shisha na mapafu ya vijana: swali ambalo zahanati za Kasulu na Kibondo zinapaswa kuliuliza

Kijana anapofika katika zahanati ya wilaya ya Kasulu au Kibondo akiwa na homa, kikohozi na kutapika, mawazo ya mhudumu wa afya huelekea kwanza kwenye malaria, kisha nimonia, na kikohozi kikizidi wiki mbili, kifua kikuu. Mpangilio huo wa mawazo una msingi. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye mzigo mkubwa wa malaria nchini, na kifua kikuu hakijaondoka katika vijiji vyake. Hata hivyo, ipo hali ya nne inayovaa dalili zilezile, na haiwezi kugunduliwa kwa kipimo chochote cha damu wala cha makohozi. Ni jeraha la ghafla la mapafu linalotokana na kuvuta mvuke wa sigara za kielektroniki, ambazo vijana wengi huziita vepu. Njia ya kuligundua ni kumuuliza mgonjwa alivuta nini, na kupata jibu la kweli.

Inaweza kudhaniwa kwamba jambo hili ni la miji mikubwa na haliwahusu wakazi wa nyanda za juu za Kigoma. Lakini kijana wa Kibondo anayesoma Dodoma au Dar es Salaam hurudi nyumbani likizo, naye kijana wa Kasulu anayefanya biashara Mwanza husafiri kwenda na kurudi. Jeraha hili halitokei palepale kijana anapovuta. Dalili zake hujijenga kwa siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, na ndiyo maana wataalamu wa Marekani waliolichunguza walikubaliana kuangalia historia ya mgonjwa kwa siku 90 nyuma. Ndani ya siku 90 muhula huisha na likizo huanza. Kijana anaweza kuvuta akiwa chuoni na kuugua akiwa kwa wazazi wake, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona akishika kifaa hicho.

Yaliyojulikana kuhusu ugonjwa huu yametokana hasa na tukio moja. Mwezi Julai 2019, madaktari wa hospitali ya watoto katika jimbo la Wisconsin, Marekani, waliwaona vijana kadhaa waliokuwa na afya njema wakilazwa kwa shida kubwa ya kupumua. Picha za eksirei zilionesha ukungu mweupe katika mapafu yote mawili, kama inavyokuwa kwa nimonia kali, lakini vipimo vya vimelea havikuonesha bakteria wala virusi vya kueleza hali hiyo, na dawa za kuua bakteria hazikuwasaidia. Kilichowaunganisha vijana hao kilipatikana katika mazungumzo: wote walikuwa wamevuta vepu. Jimbo jirani la Illinois lilipofuatilia nalo likakuta wagonjwa wa aina hiyo. Taarifa ya kwanza ya majimbo hayo mawili ilihusu wagonjwa 53. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 19 au chini yake, na takribani theluthi moja walihitaji kuwekewa mpira kooni ili mashine iwasaidie kupumua.

Kufikia Februari 18, 2020, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilikuwa kimeorodhesha wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, wakiwemo 68 waliopoteza maisha. Ugonjwa huo ulipewa jina la EVALI.

Chanzo kikuu kilipatikana kwa kuosha mapafu ya wagonjwa kwa maji maalumu na kuyapima maji yaliyorudi. Kati ya wagonjwa 51 waliopimwa hivyo, 48 walikutwa na asetati ya vitamini E. Watu 99 wenye afya waliopimwa kwa kulinganisha hawakukutwa nayo hata mmoja. Kemikali hiyo ni aina ya mafuta mazito. Ikimezwa katika kidonge au kupakwa kwenye ngozi haina kero. Wachuuzi waliiongeza kwenye vichupa vya kimiminika chenye kiambata cha bangi kinacholevya, kwa sababu wepesi wa kimiminika humwambia mnunuzi kwamba kimechakachuliwa, na mafuta hayo yalificha wepesi huo. Ulaghai wenyewe ni uleule wa mchuuzi anayeongeza maji kwenye maziwa, isipokuwa kwamba maziwa huenda tumboni na kimiminika hiki huenda kwenye mapafu.

Ni vyema ikaeleweka kwa nini tofauti hiyo ni kubwa kiasi hicho. Mapafu yamejaa vifuko vidogo sana vya hewa, na ndani ya kila kifuko upo utando mwembamba wa majimaji unaokizuia kisigandamane mtu anapotoa pumzi. Utando huo una mafuta yake wenyewe, yaliyopangika kwa namna maalumu. Mafuta mageni yanapoingia yakiwa mvuke na kutua hapo, mpangilio huo unaweza kuvurugika. Kinga ya mwili nayo huja kupambana, vifuko hujaa majimaji na seli za uvimbe, na hewa ya oksijeni hukosa pa kupitia kuingia kwenye damu. Tumbo lina asidi na ini la kusafisha kinachomezwa, lakini kifuko cha hewa hakina kinga ya namna hiyo.

Hapa panahitajika uangalifu, maana yapo makosa mawili yanayofanywa kwa urahisi. La kwanza ni kusema kila vepu ina sumu hiyo, jambo ambalo si kweli, na kijana aliyekwisha kuvuta bila kuugua atajua si kweli na hatasikiliza lolote jingine. La pili ni kusema kwamba isiyo na bangi ni salama. Wagonjwa wengi wa Marekani, zaidi ya wanane katika kila kumi, walikiri kutumia kimiminika chenye kiambata cha bangi, lakini takribani asilimia 14 walisema walitumia chenye nikotini pekee. Huenda baadhi yao walificha. CDC yenyewe haikufuta uwezekano kwamba kemikali nyingine zilihusika. Ambacho kijana anapaswa kukifahamu ni kwamba hatari ya aina hii haisubiri miaka ishirini ya uvutaji kama saratani. Inategemea kilichomo ndani ya kichupa hiki, leo, na kichupa kisicho na nembo ya mtengenezaji wala orodha ya viambato hakimwambii chochote.

Ili kuona jinsi jambo hili linavyoweza kujificha, mfano wa kubuni unafaa. Tuchukue mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 20 aliyerejea kwao Kasulu. Katika wiki ya kwanza anapata homa, uchovu na kichefuchefu, na kikohozi kikavu. Anapelekwa zahanati, anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na kipimo kinaonesha anayo. Anapewa dawa mseto na kurudi nyumbani. Siku tatu baadaye homa bado ipo, anatapika, na anapopanda kilima kifupi kutoka kisimani analazimika kusimama. Anarudi, safari hii anapewa dawa ya nimonia. Siku mbili nyingine zinapita, na sasa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati.

Hakuna aliyekosea kwa kutibu malaria, kwa kuwa kipimo kilisema ipo. Lakini katika mkoa wenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea katika damu huku kinachomuumiza ni kingine. Dalili za kumfanya mhudumu asimame na kufikiri upya zilikuwapo tangu ziara ya pili: matatizo ya tumbo na ya kifua yakienda pamoja kwa kijana asiye na maradhi ya awali, pumzi inayokata kwa kazi ndogo, na dawa zisizoleta nafuu. Katika tukio la Marekani, takribani wagonjwa wote walikuwa na dalili za kifua, na zaidi ya robo tatu walikuwa pia na kichefuchefu, kutapika, kuharisha au maumivu ya tumbo. Baadhi walianza na tumbo kabla ya kifua, hali iliyowapoteza hata madaktari wenye vifaa vingi.

Kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni kingesaidia sana hapa. Kwa kijana mwenye afya kinasoma asilimia 95 au zaidi, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wa EVALI walisoma chini ya hapo walipofika hospitali. Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lakini mwinuko huo hautoshi kueleza usomaji wa asilimia 90 au 88 kwa kijana. Usomaji huo ni sababu ya kumpa oksijeni na kumpeleka hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, apigwe picha ya kifua.

Hospitalini ndipo uamuzi mgumu unapokuja. Wagonjwa wengi wa Marekani walipewa dawa za steroidi za kutuliza uvimbe, na wengi walipata nafuu. Lakini steroidi hushusha kinga, na kumpa mgonjwa mwenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa ni kumwongezea hatari. Kwa hiyo Kasulu au Kibondo haitoshi kusikia neno vepu na kuandika steroidi. Makohozi yapimwe, virusi vya UKIMWI vipimwe, na dawa za nimonia ziendelee hadi maambukizi yaondolewe kwenye orodha. EVALI ni jina linalobaki baada ya mengine kukataliwa na baada ya mgonjwa kukiri kuvuta, na bila kukiri huko daktari hana pa kuanzia.

Na kukiri si jambo jepesi. Mgonjwa wa mfano wetu amekaa kwenye benchi la zahanati akiwa na mama yake upande mmoja. Mhudumu akimuuliza kama anavuta sigara, atajibu hapana, na kwa mtazamo wake hajadanganya, kwa sababu vepu si sigara. Wilaya hizi hulima tumbaku, na kijana aliyekulia karibu na mabani ya kukaushia anaijua kwa jani lake na harufu yake, ilhali mvuke wenye harufu ya embe hauhusishi na jani hilo. Kimiminika kikiwa na bangi ipo hofu ya ziada, ya polisi. Swali lenye manufaa basi huulizwa mzazi akiwa ametoka nje kwa dakika chache, na huulizwa kwa majina ya vitu: Katika miezi mitatu umevuta vepu? Shisha? Kichupa ulikipata wapi, kilikuwa na nembo? Kilikuwa na bangi ndani? Kabla ya maswali hayo, mgonjwa aambiwe kwamba majibu yanaingia kwenye matibabu yake na kwamba siri za mgonjwa zinalindwa.

Shisha inahitaji maelezo yake, kwa kuwa huumiza kwa njia tofauti. Wavutaji wengi huamini kwamba moshi ukipita kwenye maji unasafishwa. Maji huupoza moshi, na kwa kuwa umepoa mtu huuvuta kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba mtu anayekaa na shisha kwa muda wa saa moja anaweza kuvuta moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Na juu ya kichwa cha chombo hicho, tumbaku haiungui yenyewe. Inachomwa na mkaa.

Mkaa huo ndio unaopaswa kueleweka kwanza, na wakazi wa nyanda hizi wana namna ya kuuelewa kuliko wengi. Usiku wa baridi, jiko la mkaa linapoingizwa chumbani na madirisha kufungwa, familia huweza kulala na isiamke. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mvutaji wa shisha anaivuta hewa hiyohiyo kwa mrija, moja kwa moja kutoka kwenye kaa. Maji hayaizuii. Shisha inayouzwa kama ya mitishamba, isiyo na tumbaku, nayo haiipunguzi, kwa sababu mkaa ni uleule.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mapigo ya moyo kwenda mbio, na kuzimia, hasa mtu anaposimama ghafla baada ya kukaa muda mrefu. Marafiki hudhani amelewa au ana njaa. Yapo maelezo ya kitabibu ya vijana waliofikishwa hospitali kutoka kwenye shisha wakiwa na zaidi ya asilimia 20 ya chembe zao za kubeba oksijeni zimeshikwa na kaboni monoksaidi, wakati kwa asiyevuta kiwango hicho huwa chini ya asilimia 2 hivi.

Kifaa kilekile cha kidoleni, kilicho msaada mkubwa kwa mgonjwa wa vepu, hapa humdanganya mhudumu. Hupima kwa mwanga, na kwa mwanga huo damu iliyobeba kaboni monoksaidi inafanana na damu iliyobeba oksijeni. Kinaweza kusoma asilimia 98 kwa kijana aliyetoka kuzimia kwa kukosa oksijeni. Mhudumu akiamini namba hiyo, atamruhusu aende nyumbani. Asiiamini. Historia ya shisha pamoja na kichwa kuuma na kuzimia inatosha kuanza kumpa oksijeni kwa barakoa, kwa kiwango cha juu. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kuondoa nusu ya sumu hiyo, na kwa oksijeni ya kutosha muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Kabla ya kufika zahanati, marafiki wamtoe nje, mkaa uzimwe, na asiachwe kulala peke yake. Mjamzito awahishwe hata kama dalili zake ni ndogo, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huumia zaidi kuliko mama.

Kwa upande wa sheria, msimamo kuhusu shisha uko wazi kuliko kuhusu vepu. Mwaka 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza katazo la shisha, na viongozi wa mikoa wakaagizwa kulisimamia. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18, Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na tangu mwaka 2021 jukumu la kusimamia udhibiti huo limewekwa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Lakini sheria ya 2003 ilitungwa kabla ya sigara ya kielektroniki kufika katika masoko yetu, na ilimlenga mtu anayeuza jani la tumbaku. Uganda, iliyotunga sheria yake mwaka 2015, ilikuwa na nafasi ya kuviona vyote viwili na ikavitaja: ilipiga marufuku shisha na sigara za kielektroniki kwa pamoja. Kenya ilipiga marufuku shisha mwishoni mwa 2017, na Januari 2024 mahakama moja ya Mombasa ikaona kwamba kanuni za katazo hilo hazikupitishwa bungeni inavyotakiwa. Funzo la Kenya kwa watunga sheria wa nchi jirani ni la kiutaratibu, nalo si dogo: katazo lililoandikwa nusunusu huanguka mbele ya hakimu.

Kijana aliyekwisha kuvuta na sasa anahisi pumzi inakata hana haja ya kusubiri sheria. Aache siku hiyo, na asijaribu kubadilisha ladha au chapa kwa kudhani iliyopita ndiyo mbaya. Homa, kikohozi, kifua kuuma au kutapika ndani ya miezi mitatu tangu alipovuta ni sababu ya kwenda kituo cha afya na kulisema hilo mwenyewe, hata asipoulizwa. Akiruhusiwa kutoka hospitali arudi kwa uchunguzi ndani ya siku mbili, kwa maana baadhi ya waliopona Marekani walizidiwa tena baada ya kufika nyumbani, na wapo waliofariki kwa namna hiyo.

Na kifaa chenyewe asikitupe chooni kwa aibu. Kifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kichupa kilichobaki na kifike kwa mganga mfawidhi. Marekani, sumu ilitambulika kwa sababu wagonjwa na ndugu zao walikubali kukabidhi walichokuwa wakivuta, na maabara zikapata cha kupima. Tanzania ina Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali yenye wataalamu wa kuchunguza sampuli za kemikali, na kichupa kilichotoka Kasulu chaweza kuwaonya wahudumu wa Kibondo, Kakonko na Buhigwe kabla mgonjwa wa pili hajafika.